Gawio la mwaka gani, na linakwenda kwa nani?

*Shikamoo kaka. Nina hisa 1,000 za NMB. Ripoti ya mwaka 2023 inaonyesha benki ililipa gawio la shilingi bilioni 143, lakini tangazo la gawio la mwaka huohuo lilisema bilioni 180. Nishike ipi? Halafu jirani yangu hapa Tabata anasema ukijua kusoma historia ya gawio na tarehe zake, unawajua wenye kampuni. Hilo linasomwaje?*

Marahaba, dada yangu. Shika zote mbili, maana kila moja ni fungu lake. Bilioni 143.1 ni gawio lililotokana na faida ya mwaka 2022, likaidhinishwa na kulipwa mwaka 2023. Bilioni 180.6 ni gawio la faida ya mwaka 2023, ambalo lilipitishwa kwenye mkutano mkuu wa wanahisa wa mwaka 2024 na kulipwa mwaka huo. Ripoti ya 2023 inazitaja zote, kila moja mahali pake, na msomaji asiyejua mpangilio huo huishia kugawanya gawio la mwaka mmoja kwa faida ya mwaka mwingine.

Sababu yake ni ya kihasibu, nayo ina mantiki. Hesabu hufungwa tarehe 31 Desemba. Siku hiyo bodi haijakaa kupendekeza gawio, na hata ingekuwa imeshapendekeza, pendekezo la bodi si deni. Gawio la mwisho wa mwaka huwa deni la kampuni pale wanahisa wanapolipitisha kwenye mkutano mkuu. Kwa hiyo, chini ya viwango vya kimataifa vya uhasibu ambavyo kampuni zetu zote zilizoorodheshwa hufuata, gawio lililopendekezwa baada ya kufunga mwaka halirekodiwi kama deni la mwaka huo. Linaelezwa kwenye maelezo ya hesabu na kwenye taarifa ya wakurugenzi, basi. Gawio la kati ya mwaka ni tofauti kidogo: bodi yenyewe inaweza kulitoa bila kusubiri mkutano mkuu, kwa hiyo mara nyingi hutangazwa na kulipwa ndani ya mwaka uleule.

Ukifungua ripoti, kuna sehemu tatu za kuangalia. Ya kwanza ni taarifa ya wakurugenzi, huko mbele, ambako utakuta gawio linalopendekezwa kwa faida ya mwaka unaousoma. Ya pili ni taarifa ya mabadiliko ya mtaji, yenye safu nyingi za tarakimu, ambako gawio lililoidhinishwa ndani ya mwaka linatolewa kwenye limbikizo la faida. Ya tatu ni taarifa ya mtiririko wa fedha, sehemu ya shughuli za kugharamia mtaji, kwenye mstari unaoandikwa `Dividends paid`. Hiyo ni fedha iliyotoka kweli mlangoni. Ile bilioni 143 yako inatoka kwenye taarifa hizi mbili za mwisho, na bilioni 180 inatoka kwa wakurugenzi.

Sasa tazama kosa hili linavyopotosha. Faida ya NMB baada ya kodi mwaka 2023 ilikuwa takriban shilingi bilioni 545. Ukigawa 143.1 kwa 545 unapata asilimia 26, ukagawa 180.6 kwa 545 unapata asilimia 33. Anayechukua namba ya kwanza ataona benki imekuwa bahili kwa wanahisa wake. Ukweli ni kwamba haikubadilisha chochote, na hilo ndilo jambo ambalo historia yake inalisema kwa sauti kubwa kuliko yote.

Chukua karatasi, uandike gawio kwa kila hisa la kila mwaka, ukiliita kila gawio kwa jina la mwaka wa faida, sio mwaka wa malipo. Kwa NMB utaandika: 2016 shilingi 104, 2017 shilingi 64, 2018 shilingi 66, 2019 shilingi 96, 2020 shilingi 137, 2021 takriban 193, 2022 shilingi 286, 2023 shilingi 361.18, na 2024 shilingi 428.85. Benki ina hisa milioni 500, namba ambayo haijabadilika muda wote huo, kwa hiyo ni rahisi kupata jumla. Zidisha, kisha weka pembeni faida baada ya kodi ya mwaka huohuo. Mwaka 2019, bilioni 48 kati ya takriban 142. Mwaka 2020, bilioni 68.5 kati ya 206. Mwaka 2022, bilioni 143 kati ya 429. Mwaka 2024, bilioni 214 kati ya takriban 644. Kila mara unaangukia theluthi moja, ikizidi kidogo au kupungua kidogo.

Watu wengi wanaona mstari huu na kusifu kupanda kwake. Mimi naangalia zaidi mahali uliposhuka, kati ya 2016 na 2017. Gawio lilianguka kutoka 104 hadi 64 kwa sababu faida ilianguka, na bodi haikujaribu kulishikilia. Kuna kampuni ambazo faida ikishuka hulipa gawio lilelile la mwaka jana, hata kama ni kwa kuchimba akiba, ili wanahisa wasishtuke. Kampuni ya namna hiyo inawaahidi wanahisa wake kiasi cha fedha. NMB inawaahidi sehemu ya faida. Tofauti hiyo ni kubwa kwako wewe mwenye hisa 1,000, kwa sababu mwaka ambao mikopo chechefu itapanda na faida kushuka, gawio lako litashuka nalo bila mtu kukuomba radhi, na hakutakuwa na jambo lolote la kushangaza.

Hapo ndipo swali la wenye kampuni linaingia. Fungua ukurasa wa orodha ya wanahisa wakubwa kumi. Kwa miaka ya historia hiyo wa kwanza ni Arise, mwenye asilimia 34.9. Hii ni kampuni ya uwekezaji iliyoanzishwa mwaka 2016 na Rabobank ya Uholanzi pamoja na taasisi mbili za fedha za maendeleo, Norfund ya Norway na FMO ya Uholanzi, na ndiyo iliyoichukua sehemu ya Rabobank. Wa pili ni Serikali kupitia Msajili wa Hazina, asilimia 31.8. Theluthi inayobaki ni ya wengine wote, kuanzia mifuko na taasisi hadi wewe.

Angalia mgawanyo huo vizuri. Hakuna mwenye zaidi ya nusu. Mmoja ana bajeti ya nchi ya kujaza na angependa fedha iingie kila mwaka. Mwingine ni mwekezaji wa muda mrefu ambaye anafaidika zaidi benki ikikua, na benki haikui bila mtaji kubaki ndani. Hakuna anayeweza kuamua peke yake. Kanuni ya theluthi moja, isiyoguswa kwa miaka yote hiyo, faida ikipanda au kushuka, ndiyo ningeitarajia pale ambapo wakubwa wawili wenye haja tofauti wamekubaliana jambo moja na kuliacha. Hii ni tafsiri yangu kutokana na namba, haijaandikwa hivyo mahali popote, lakini sioni inayofaa zaidi. Kwa gawio la mwaka 2023, Serikali ilipata takriban bilioni 57.4, ambayo ni asilimia 31.8 ya bilioni 180.6. Ukiona kwenye magazeti picha ya hundi kubwa ya mfano inakabidhiwa kwa kiongozi, unaweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe: gawanya kiasi cha hundi kwa asilimia ya Serikali, utapata gawio lote la kampuni.

Kwa benki kuna mwenye kauli mwingine ambaye hayumo kwenye orodha ya wanahisa, naye ni Benki Kuu. Kanuni za utoshelevu wa mtaji zinataka mtaji wa msingi usipungue asilimia 10 ya mali zilizopimwa kwa hatari na mtaji wote asilimia 12, na juu ya hapo kuna kinga ya asilimia 2.5. Benki ambayo haijafika 12.5 na 14.5 hairuhusiwi kutoa gawio. Kwa hiyo ukikuta benki ya soko letu ina faida nzuri lakini imekaa miaka bila kulipa, usikimbilie kuwalaumu wenye benki. Nenda kwanza kwenye maelezo ya usimamizi wa mtaji uone uwiano huo umesimama wapi.

Kampuni yenye mzazi mmoja wa nje, yaani kampuni mama inayoshikilia sehemu kubwa ya hisa, husomwa kwa namna nyingine. Tunazo kadhaa sokoni: Kampuni ya Sigara iko chini ya Japan Tobacco kwa asilimia 75, Twiga Cement iko chini ya kundi la Heidelberg kwa asilimia 69.25. Nazitaja kwa muundo wake tu, si kwa ubaya. Pale mzazi mmoja anapoamua, usitarajie kanuni iliyotulia kama ya theluthi. Gawio hufuata haja ya mzazi: mwaka ambao mtambo mpya unajengwa linaweza kukauka, mwaka ambao mzazi ana deni huko kwake linaweza kuzidi hata faida ya mwaka, likitolewa kwenye limbikizo la miaka iliyopita.

Katika kampuni za aina hiyo, historia ya gawio peke yake haitoshi, kwa sababu mzazi ana milango mingine ya kupokea fedha. Tafuta maelezo ya hesabu yanayohusu miamala na wahusika wenye uhusiano. Humo utakuta mrabaha wa matumizi ya jina la biashara, ada za usimamizi na za kiufundi, riba ya mikopo kutoka kampuni dada, wakati mwingine hata mkopo ambao kampuni yetu ya hapa imempa mzazi wake. Ziandike pembeni ya gawio, mwaka kwa mwaka. Gawio ni fedha ambayo mzazi akipata shilingi saba, wanahisa wadogo nao wanapata tatu zao. Ada na mrabaha ni fedha ambayo anaipata peke yake, na inatoka kabla ya faida kuhesabiwa. Ukiona kwa miaka mitatu au minne gawio linashuka huku ada zikipanda haraka kuliko mauzo, umeshajua mkubwa anapendelea kulipwa kwa mlango gani. Na kama gawio linabaki juu na ada zimetulia, hiyo ni dalili njema sana, kwa sababu mkubwa amechagua njia ambayo nawe unapitia.

Jambo jingine la kuangalia kwa kampuni isiyo benki ni kama gawio lilitoka kwenye biashara au kwenye mkopo. Chukua fedha halisi iliyopatikana kwenye shughuli za uendeshaji, toa iliyotumika kununua mitambo na majengo, kisha linganisha kinachobaki na `Dividends paid`. Tuseme kampuni imepata bilioni 60 kwenye uendeshaji, imetumia 25 kwenye mitambo, halafu imelipa gawio la bilioni 80. Zinakosekana bilioni 45. Kama mistari ya chini kidogo inaonyesha mkopo mpya wa bilioni 40, basi wenye kampuni wamejilipa kwa fedha ya benki, na deni limebaki ndani. Mara moja inaweza kuwa na maelezo. Ikijirudia, kuna mtu mkubwa kule juu anayehitaji fedha kuliko kampuni inavyoweza kuzalisha. Kipimo hiki usikitumie kwa benki, kwa sababu amana za wateja huingia na kutoka kwenye uendeshaji na kuvuruga kila kitu. Kwa benki tumia ule uwiano wa mtaji.

Tuje kwenye tarehe. Tangazo la gawio likitoka kwenye tovuti ya Soko la Hisa la Dar es Salaam au gazetini, huwa na tarehe nne au tano, na inayowapotosha wengi ni ya malipo, kwa sababu ndiyo wanayoitazama. Ya kuangalia ni ya kufunga daftari la wanahisa. Gawio linamwendea yule ambaye jina lake limo daftarini siku hiyo, awe bado anazo hisa siku ya malipo au ameshaziuza.

Na jina haliingii daftarini siku unayonunua. Hisa katika soko letu hukamilishwa siku ya tatu ya kazi baada ya muamala. Tuseme daftari linafungwa Ijumaa. Ukinunua Jumanne, siku ya tatu ni Ijumaa, umo. Ukinunua Jumatano, muamala unakamilika Jumatatu, na gawio linabaki kwa aliyekuuzia. Ndiyo maana tangazo hutaja siku ya mwisho ya kununua hisa ikiwa na haki ya gawio, na siku inayofuata hisa huanza kuuzwa bila haki hiyo. Wiki ikiwa na sikukuu, Sabasaba au Idi iliyosubiri mwezi, siku za kazi zinasogea, kwa hiyo fuata tarehe iliyochapishwa kuliko kuhesabu kwa vidole. Kuanzia siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei yake inapaswa kushuka kwa takriban kiasi cha gawio. Katika hisa zisizouzwa sana hutaiona ikishuka siku hiyohiyo kwa sababu tu hakuna aliyeuza wala kununua. Itashuka muamala wa kwanza utakapopita, na anayekubali kununua siku hizo kwa bei ya zamani amelipia gawio la mtu mwingine.

Kwa hisa zako 1,000, gawio la 2023 lilikuwa shilingi 361,180. Kodi ya zuio kwa kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko letu ni asilimia 5, yaani 18,059, na kilichotakiwa kuingia kwako ni 343,121. Kama kilichoingia ni kingine, anza na dalali wako na kampuni inayotunza daftari kabla ya kuiuliza benki.

Tarehe zinasema nini kuhusu wenye kampuni? Kidogo kuliko jirani yako anavyodhani, lakini si bure. Kampuni nyingi zenye mwaka unaoishia Desemba hulipa kati ya Mei na Julai, na watu husema ni kwa sababu mwaka wa fedha wa Serikali unaisha tarehe 30 Juni. Huenda hilo lina nguvu mahali ambapo Hazina ni mwanahisa. Ila kampuni isiyo na shilingi ya Serikali nayo hulipa miezi hiyohiyo, kwa kuwa ukaguzi humalizika Machi na mkutano mkuu hufuata. Huwezi kujenga hoja juu ya mwezi peke yake. Kinachosema zaidi ni mabadiliko. Kampuni ambayo haikuwa na desturi ya gawio la kati ya mwaka, kisha ghafla bodi inatangaza moja mwezi Novemba na kulilipa kabla ya Desemba kuisha, inaonekana imetumwa na mtu anayetaka fedha ionekane kwenye vitabu vyake vya mwaka huo. Hapo rudi kwenye orodha ya wakubwa kumi uone nani anafunga hesabu Desemba.

Vilevile pima umbali kati ya siku ya kufunga daftari na siku ya malipo, miaka kadhaa mfululizo. Kampuni iliyokuwa ikilipa ndani ya wiki tatu ikaanza kulipa baada ya miezi miwili, au ikaligawa gawio lilelile katika awamu mbili, inakuambia fedha imebana. Tangazo huandika malipo yatafanyika tarehe fulani au karibu na hapo, na maneno hayo ya mwisho yanaipa kampuni nafasi ya kuchelewa bila kuvunja ahadi. Unaweza kuhakikisha kwa mizania, kwenye deni la gawio linaloandikwa `Dividends payable`. Hesabu yake ni hii:

```
salio la mwanzo wa mwaka + gawio lililoidhinishwa - gawio lililolipwa = salio la mwisho
```

Kama gawio lote limelipwa, salio la mwisho litakuwa karibu sawa na la mwanzo. Likiongezeka kwa kiasi kikubwa mwaka mmoja, kuna mwanahisa mkubwa ambaye hajachukua chake, kwa kukubali au kwa kusubirishwa, na mara nyingi ni mzazi. Likiongezeka kidogokidogo kila mwaka bila kushuka, hao ni wanahisa wadogo ambao fedha yao haifiki: waliohama, waliobadilisha akaunti, na marehemu ambao mirathi yao haijafunguliwa. Kampuni zilizouza hisa kwa umma wakati wa ubinafsishaji zina wengi wa aina hii, na salio hilo ni kipimo kizuri cha jinsi umiliki ulivyotawanyika chini ya majina yale kumi ya juu.

Kuhusu majina hayo kumi, weka orodha ya mwaka huu pembeni ya ya mwaka jana na utoe tofauti ya hisa kwa kila mmoja. Mifuko ya hifadhi ya jamii na mifuko ya uwekezaji wa pamoja hukaa pale gawio linapotabirika, na hupungua taratibu linapoyumba, mara nyingi ripoti moja baada ya gawio kukatwa. Majina mengine yatakuwa ya benki zinazotunza hisa kwa niaba ya wawekezaji wa nje. Nyuma ya jina moja la namna hiyo wanaweza kuwepo wateja wengi wasiohusiana, kwa hiyo hisa zikihama kutoka akaunti moja ya utunzaji kwenda nyingine, inawezekana mwenye mali ni yuleyule na amebadilisha mtunzaji tu.